Kadi ikipotea, mlango ujue wenyewe

Mafundi wengi hapa Kampala wanaofunga milango ya kadi kwenye hosteli wanahangaika sana na kadi yenyewe alafu ile njia ya akiba wanaiweka mwishoni kama kiraka, na mi naona hapo ndo mlango unapoharibika. Vifaa tunavijua wote, Arduino Uno, kisoma kadi cha RC522, relei, kitasa cha umeme cha volti 12, na kibodi ya namba pembeni kwa aliyepoteza kadi. Sasa hiyo kibodi mara nyingi ina pini moja tu ya jengo zima, na baada ya wiki mbili pini hiyo anayo muuza rolex wa getini na kila bodaboda wa stejini, kwa hiyo kadi mnazolipia hazilindi kitu.

Wengine wanasema basi kila mtu apewe pini yake ya tarakimu 4. Sawa, lakini piga hesabu kwanza. Hosteli ya watu 60 Kikoni, kila mmoja na chumba chake na pini yake, na mlango unapokea pini tu bila kuuliza we ni nani. Pini zinazowezekana ni 10,000 lakini 60 kati yake zinafungua, yaani anayebahatisha anapata kwa wastani mara 1 kati ya kama 167, na akitumia sekunde 5 kila jaribio ni kama robo saa tu yuko ndani. Dawa ni mtu aanze na namba ya chumba ndo aweke pini, hapo anayebahatisha anapambana na pini 1 kati ya 10,000, na akikosea mara 5 pini ya chumba hicho ifungwe dakika 10, kadi iendelee kufanya kazi ili mhuni asimfungie mtu nje kwa makusudi.

Ila hesabu ya makosa isikae kwenye kumbukumbu ya muda, kwa sababu umeme wetu tunaujua, ukikatika na kurudi maikrokontrola inaanza upya na makosa yote yamesahaulika, na mjanja akifikia waya anaweza kuukata mwenyewe. Weka kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na ongeza kosa KABLA hujalinganisha pini, ikiwa sahihi ndo urudishe sifuri. Uno ina baiti 1,024 za EEPROM, kila mtu ukimpa 12 za namba ya kadi, pini, hali na makosa, watu 60 ni baiti 720, wanatosha.

Sasa kuhusu kadi iliyopotea, hapa ndo nina msimamo mkali. Kawaida mwanafunzi anapoteza kadi, anaingia kwa pini siku kadhaa, anaona aibu au anaogopa faini, hamwambii kastodiani, na wakati wote huo kadi yake inafungua mlango mikononi mwa mtu mwingine. Kwa nini tusubiri aseme? Mtu akiingia kwa pini tayari ametuambia kadi hana, kwa hiyo pini hiyo hiyo iisimamishe kadi yake:

```cpp
if (pinSahihi) {
  mtu[n].makosa = 0;
  mtu[n].hali = kadiYakeImegusishwa ? INAFANYA_KAZI : IMESIMAMA;
  EEPROM.put(anuani(n), mtu[n]);
  fungua();
}
```

Angalia mpangilio, inaandika kwanza ndo inafungua. Kama kadi ilikuwa imesahaulika tu chumbani, kesho akiigusisha taa ya njano inawaka, anaweka pini mara moja kadi inaamka, aliyeiokota hana pini basi anabaki nje. Usumbufu upo, ndiyo, lakini ni wa sekunde chache.

Kadi mpya nayo iwe na namba mpya. Kuna kadi zinazokubali kuandikwa namba yoyote, na fundi akikunakilishia ile ya zamani ili asiguse programu, hiyo iliyopotea nayo imefufuka. Na kama kuna mtu alinakili kadi kimyakimya bila kuiba, ujanja huu hautamkamata, RC522 ikisoma namba tu haiwezi kutofautisha.

Kuna wanaosema weka kidole tuachane na kadi. Anayefua kwa mikono au kubeba matofali vidole vinalika, sensa inamkataa, kwa hiyo naye anahitaji pini vilevile.

Ukitaka kukagua kazi ya fundi kabla hujamlipa, kosea pini mara 4, chomoa umeme, rudisha, kosea tena mara 1. Ikikubali pini sahihi kwenye jaribio la 6 mwambie arudi. Alafu ukiwa ndani na mlango umefungwa, chomoa umeme tena ujaribu kutoka kwa mkono, kitasa kinachohitaji umeme kumtoa mtu nje wakati wa moto kisifungwe hosteli yoyote.