Gama ya risasi haijakosea, imesomwa haraka tu

"Nimepata γ ya risasi kama 3, hesabu ya bendi inanipa 1.2 hivi, sasa nani kakosea, mimi au kompyuta?"

Hakuna aliyekosea, na hapo ndo watu huwa hawaamini. γ ndo namba unayoizidisha na T kupata sehemu ya elektroni kwenye kapasiti ya joto C ya metali, hapa risasi ile ya madini. Kwenye hili kuna kambi mbili. Moja inasema γ ni msongamano wa hali, g, kwenye kiwango cha Fermi, basi, chukua γ = (π²/3)k_B²g(E_F), geuza, umemaliza. Nyingine inasema kipimo kimechafuliwa na fononi, yaani mitikisiko ya kimiani, ukitaka g ya kweli nenda kwenye hesabu ya bendi. Mimi naona hawa wa kwanza wanachekwa bure, ingawa na wao wana haraka.

Elektroni zinazoweza kupokea joto ni zile tu zilizo ndani ya upana wa kama k_BT kuzunguka kiwango cha Fermi, zilizo chini zaidi zimebanwa, hazina pa kuhamia. Idadi yao inaenda na g mara k_BT, kila moja inabeba kama k_BT, kwa hiyo nishati inapanda kwa T² na kapasiti ya joto kwa T. Maana yake γ inaona g ya sehemu moja tu, umbo la bendi huko chini halijui kabisa.

Anza na shaba. Ukichora C/T dhidi ya T² kwenye baridi kali unapata mstari ulionyooka, mwinuko wake ni wa fononi, na pale unapokata mhimili wa wima ndo γ, 0.695 milijuli kwa moli kwa kelvini mraba. Gawanya kwa 2.36, namba inayotoka kwenye fomula ile ile, unapata kama hali 0.29 kwa elektronivolti kwa atomu. Hesabu ya bendi inatoa namba ya karibu hapo hapo, wakati elektroni huru zingetoa γ ya 0.505. Kwa shaba kambi ya kwanza imepiga penyewe, hakuna la kubishana.

Risasi ndo inaleta ugomvi. Kimiani chake ni laini, joto la Debye ni kama kelvini 105 tu, shaba ni 343, kwa hiyo fononi zinawahi kumeza kila kitu na sehemu ya elektroni inaizidi ya fononi chini ya kelvini 1.3 hivi tu. Halafu chini ya 7.2 risasi inakuwa superkonda. Ukipima bila uga wa sumaku, elektroni zinafungana jozi, kapasiti yao inaporomoka na mstari wako unaelekea sifuri, na mtu anaweza kukaa wiki nzima akilaumu kipimajoto. Weka uga unaozidi tesla 0.08 ndo unaipata hali ya kawaida, na γ inatoka karibu 3.

Sasa 3 kwa 1.2 ni kama mara 2.5. Kambi ya pili inaiita hii makosa ya kusahihishwa, mimi ndo hapo nawakatalia. Uwiano huo unaandikwa 1+λ, λ ikiwa nguvu ya mshikano wa elektroni na fononi, kwa hiyo λ ni kama 1.5, na namba hiyo hiyo ilishapatikana kwa njia isiyo na habari na joto kabisa, yaani kupima mkondo wa elektroni zinazopenya utando mwembamba wa oksaidi kuingia kwenye risasi. Vipimo viwili visivyojuana vinakubaliana, halafu useme ni uchafu? Elektroni ndani ya risasi inatembea ikikokota mvutiko wa kimiani, inakuwa nzito, na hali zake zinasongamana kweli karibu na kiwango cha Fermi. Hali hizo zipo, ni za elektroni pamoja na mzigo wake. Hesabu ya bendi imeiweka elektroni kwenye kimiani kisichotikisika, na risasi ya namna hiyo haipo popote.

Ila nao wana hoja moja nzito, niseme ukweli. Msongamano huo wa ziada upo ndani ya nishati ya fononi tu kuzunguka kiwango cha Fermi, ukipasha risasi ikapita joto la Debye unafifia. Na usumaku wa spini za elektroni, ule wa Pauli, hauuoni kabisa, kwa sababu mvutiko wa kimiani unafuata kiwango cha Fermi cha kila spini kinaposogea. Kwa hiyo ukiichukua g yako ya 1.27 kutoka kwenye γ ukaiingiza kwenye fomula ya Pauli utapata jibu kubwa mno, na hapo kosa litakuwa lako, si la γ.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujaandika hiyo 3. Kama pointi zako za mwisho kabisa, zile za T² ndogo, zinapinda kwenda juu badala ya kulala kwenye mstari, hizo si elektroni, mara nyingi ni viini vya atomu au uchafu wenye sumaku. Zitoe kwanza, halafu chora upya, na uone kama bado ni 3.