Ndoo ya Januari haina haja ya kuzikwa

Kila Januari wanafunzi wangu wa darasa la tatu, hapa Dar es Salaam, hujaza ndoo. Kila mmoja anachagua kitu kimoja na kuandika karatasi moja, tunafunga, na haifunguliwi mpaka wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba.

Mwaka wa kwanza tuliizika nyuma ya darasa, maana watoto walitaka hazina ya kufukua. Ilikuwa ndoo ya rangi ya lita 20, mfuniko umezungushiwa selotepu. Masika ikapita juu yake. Tulipoifukua ilikuwa na maji hadi nusu, karatasi za kalamu za rangi zimegeuka madoa ya zambarau, na betri za kigari zimevuja. Zilizoandikwa kwa penseli zilisomeka, kwa sababu risasi ya penseli haiyeyuki majini. Nilijifariji na habari ya mji wa Tulsa, Marekani: walizika gari jipya, Plymouth, mwaka 1957 ndani ya chumba cha zege, 2007 wakalitoa limeliwa na kutu.

Siku hizi ndoo inakaa juu ya kabati. Penseli tu, hakuna betri, hakuna chakula. Naifunga siku ya jua kali, karatasi zikiwa zimekauka, kwani unyevu ukifungiwa ndani huota ukungu hata bila mvua.

Ila kilichonisumbua zaidi ni cha kuweka. "Nikiwa mkubwa nataka kuwa daktari" huandikwa na nusu ya darasa, na Desemba hakuna anayeshtuka, kwa kuwa bado anataka kuwa daktari. Miezi 11 ni michache. Lazima uweke kitu kinachobadilika ndani yake. Kwangu mimi, hakuna kinachoushinda uzi. Mtoto anasimama ukutani bila viatu, tunakata uzi sawa na urefu wake, tunaufunga jina. Tumieni uzi wa katani. Niliwahi kutumia uzi wa sufu, ukavutika mikononi, na mtoto mmoja akakaribia kulia akidhani hajakua. Mwaka jana binti mmoja alikanyaga ncha ya uzi wake, ukamwishia kwenye paji la uso. Darasa zima lilipiga kelele, na kila mtu akataka zamu yake.

Kitu cha pili wachague wenyewe, hata kikiwa kizibo cha soda. Kijana mmoja alikiweka. Desemba nikamuuliza cha nini. "Sijui, Mwalimu." Tukacheka, lakini kosa lilikuwa langu. Sasa kila karatasi inaanza na "Nimeweka hiki kwa sababu", na sisahihishi tahajia, ingawa mkono huniwasha. Desemba iliyopita mmoja alisoma yake, akanyamaza, akaniomba kifutio.

"Mwalimu, nani aliandika 'kwasabau'?"