Jasho halimaanishi kwamba mwili umepoa

“Alikuwa akitoka jasho, sasa joto limemwangushaje?”

Nilikuwepo kijana anayeulizwa alipoanguka kazini kwenye mfereji wa Pawaga, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 35 kivulini. Alikuwa ametoka kwenye baridi ya Makete juzi yake tu, na mwili uliozoea baridi huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto la namna hiyo. Isitoshe, maji yaliletwa saa sita pekee, badala ya kikombe kila baada ya dakika 20. Jasho lilimtiririka, lakini alianza kupayuka asilitambue hata jembe lake, dalili nzito kuliko kuzirai kwenyewe. Tulimlaza kivulini kwa ubavu, tukamvua shati, tukammwagia maji mfululizo huku tukimpepea kwa kanga, wala hatukumnywesha chochote, maana angepaliwa, hadi gari la kumpeleka kituo cha afya lilipofika.