Bikizee Mwenye Nyuzi Mbili

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Dodoma, na nilikuwa najiona mtu mwenye heshima zake hadi siku nilipombandika bibi wa watu lebo inayosema tumbo lake ni kibuyu.

Kazi ililetwa na rafiki. Kulikuwa na ukumbi mdogo wa makumbusho wenye vitu 14 vya Wagogo: ngoma za muheme, marimba, vibuyu vya maziwa, vigoda, zeze na kadhalika. Kila kitu kilitaka maelezo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na kila lugha kwa urefu wa aina tatu. Maneno 20 kwa watoto wa shule na kwa mtu anayepita akitafuta choo. Maneno 50 kwa mgeni wa kawaida. Maneno 120 kwa yule anayevaa miwani, akainama, akasoma hadi mwisho huku mkewe akimsubiri mlangoni. Piga hesabu mwenyewe: lebo 9 kwa kila kitu, jumla 126.

Mkuu wa ukumbi alikuwa mtu wa haki. Alitaka kila lugha ipate idadi ileile ya maneno, ili mgeni yeyote asije akalalamika kapunjwa. Nilimweleza kwamba maneno ya lugha hizi hayalingani, kama vile huwezi kuhesabu matikiti na zabibu ukasema ni mzigo sawa. Chukua neno "hawajatuambia". Kwetu ni neno moja, herufi 13, limebeba nani, lini, nani kaambiwa na kwamba bado. Mfaransa, kusema hilohilo, anahitaji maneno 7. Nikashauri tupime kwa mistari, maana kinachobana kwenye lebo ni nafasi ya ubao na ukubwa wa herufi.

"Mwalimu," akasema, "ishirini ni ishirini."

Tukafika kwenye zeze. Lebo fupi ya Kiswahili ilikuja kama maji: "Zeze la Wagogo. Tumbo lake ni kibuyu kilichofunikwa ngozi. Lina nyuzi mbili. Hulia likisuguliwa kwa upinde. Tafadhali usiliguse." Maneno 18, mawili yakabaki ya akiba. Kiingereza nacho kikaenea kwenye 20 bila ugomvi.

Kifaransa kikaja na maneno 28. Zeze nililiita vièle, ndilo jina la kitaalamu la ala za nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde, na nikaongeza kwamba ni ala ya muziki, kwa sababu Mfaransa wa kawaida neno hilo halisikii kila siku. Sasa nikashika mkasi. "Ala ya muziki" ikaondoka kwanza: si wameshaambiwa ni vièle? "Kwa upinde" ikafuata: si kuna upinde mle kabatini? Nikaparura vijineno viwili zaidi, nikapata 20 kamili. Kompyuta ikasema ni 21, kwa kuwa Wafaransa huacha nafasi kabla ya nukta mbili, nayo ikaihesabu ile nukta mbili kuwa neno. Nikahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, nikaridhika.

Ilikuwa saa sita usiku. Kompyuta ikapigia vièle mstari mwekundu, haikulijua. Ikanipa pendekezo. Nikaona herufi zinazofanana, nikabofya "badilisha zote", nikaenda kulala nikiwa na amani ya mtu aliyemaliza kazi.

Pendekezo lilikuwa vieille. Maana yake ni mwanamke mzee. Bikizee.

Siku ya tatu baada ya kufungua, akaja mzee mmoja Mfaransa na mkewe, wanatoka Kolo kule Kondoa kutazama michoro ya miambani. Nilikuwepo, nimevaa shati la kupiga pasi, nangoja kusifiwa. Pembeni ya kabati la zeze hukaa bibi mmoja wa Kigogo kwenye kigoda chake. Kazi yake ni kuwaeleza wageni namna ala zinavyopigwa, na akipenda anaimba kidogo. Lebo fupi ilikuwa imefungwa chini, usawa wa macho ya watoto, yaani usawa wa bega la bibi aliyeketi.

Mfaransa akaisoma. Akamtazama bibi. Akaisoma tena. Mkewe akaziba mdomo kwa kitambaa.

Nikasogea kuona kinachowafurahisha. Lebo ilisema hivi, nikiirudisha kwa Kiswahili: "Bikizee wa Kigogo. Tumbo: kibuyu kilichofunikwa ngozi. Nyuzi mbili. Huimba akisuguliwa. Tafadhali usimguse."

"Mbukwenyi," bibi akawasalimu wageni kwa uchangamfu, kisha akaanza kuimba.

Yule mzee akalia machozi. Akaniuliza kwa adabu zote kama ni kweli haruhusiwi kumgusa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesoma lebo zote za Kifaransa mara mbili kabla ya kuchapwa na sikuona kitu. Nilipotulia nikaelewa kwa nini. Kiswahili kingenipigia kelele papo hapo: zeze ni "likisuguliwa, usiliguse", bibi ni "akisuguliwa, usimguse". Ngeli hazifichi siri. Kiingereza nacho kina kiwakilishi cha kitu na kingine cha mwanamke. Lakini kwa Kifaransa zeze ni la jinsia ya kike, na bikizee ni wa kike, kwa hiyo elle ileile inawatosha wote wawili. Sarufi ilikuwa safi kabisa. Kompyuta ikaridhika, na mimi kwa kuwa nilijua nilichotaka kusema, nikasoma nilichotaka kusema.

Tukakimbilia lebo ndefu. Kule nako bikizee kaingia, si nilibofya "zote"? Lakini katika yale maneno 120 mlikuwa na upinde, mlikuwa na fundi anayechonga shingo, mlikuwa na wapigaji ngomani. Mfaransa akasema pale aling'amua mara moja kuwa ni kosa la herufi. Ile ya 50 ilimpa shida kidogo. Ni ile fupi tu, niliyoichuna hadi mfupa, iliyokuwa imepoteza kila neno ambalo lingemwokoa bibi.

Mkuu wa ukumbi akaitwa. Nikamsomea tafsiri mbele ya wageni. Akanyamaza, akaikuna shingo, akauliza: "Ukirudisha 'ala ya muziki' na 'upinde', yanakuwa mangapi?"

"Ishirini na sita, Bosi."

"Weka."

Lebo mpya kabla haijachapwa nilimpelekea mwalimu mwenzangu ambaye hajawahi kuliona lile kabati, nikamwambia aniandikie kwa Kiswahili anachoelewa. Akaniandikia zeze. Nikampelekea na zile nyingine 41 za Kifaransa. Akarudisha zote salama, isipokuwa kigoda kimoja ambacho hadi leo tunabishana.

Ikabaki kumwambia bibi. Nilienda na kilo ya sukari, nikapiga goti, nikasema, "Bibi, shikamoo. Nimekukosea." Nikamsomea neno kwa neno.

Akacheka hadi kigoda kikalia. "Nyuzi mbili! Mjukuu wangu, hata moja sina." Kisha akanyoosha mkono kuiomba ile lebo mbovu. Nikamuuliza anaitakia nini.

"Hapo mwisho si umesema imeandikwa wasiniguse?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi lete. Nyumbani nina wajukuu tisa, na mchana napenda kulala."