Kasri la maboksi manne

Mzazi akiona tangazo la mtoto anayechezea kitu, hutazama mambo mawili hata bila kujua: mtoto yule ana umri gani, na kile kitu kinaweza kufanya nini. Ukimdanganya kwenye la pili, umemlia hela. Ukimdanganya kwenye la kwanza, unaweza kumpelekea balaa nyumbani.

Kazi yangu ni kupiga picha za bidhaa, nyingi za maduka ya Kariakoo yanayouza mtandaoni. Chukua mfano wa matofali ya plastiki, yale ya kuchomeka moja juu ya jingine. Boksi lilikuwa na vipande 60. Mwenye duka alitaka pichani awepo mtoto wa dada yake, hajafika hata miaka miwili, mashavu tele, na mbele yake kasri lenye minara. Kasri lenyewe alilijenga kijana wa dukani, na alitumia maboksi manne.

Tuanze na huyo mtoto. Ubavuni mwa boksi kulikuwa na duara jekundu lililokatwa mstari, ndani yake uso wa mtoto na tarakimu 0-3. Wengi hudhani alama ile inapima akili, kwamba mwanangu mjanja anaweza kuanza mapema. Sivyo. Mtoto wa chini ya miaka 3 hupeleka kila kitu mdomoni, na njia yake ya hewa bado ni nyembamba. Wapimaji hutumia kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7: kipande kikiingia chote humo bila kubanwa, kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba. Nyumbani unaweza kutumia lile bomba la katikati ya roli ya tishu ya chooni. Ni pana kidogo kuliko kopo hilo, na hiyo ni heri. Tulivipitisha vitofali vile kwenye bomba, na karibu vyote vikadondoka upande wa pili.

Mwenye duka akasema tutaandika onyo chini ya picha. Mimi siamini onyo linaloshindana na picha. Mama anayepitisha kidole kwenye simu ataona mashavu, ataona tofali mkononi, atasema hii inamfaa wangu. Kama bidhaa ni ya miaka 3 na kuendelea, anayeonekana nayo awe na miaka minne au mitano, na mdogo wake asiwe amekaa pembeni kwenye mkeka huohuo.

Kuhusu kasri, kanuni yangu ni moja: kinachoonekana kitoke ndani ya boksi moja, na kiwe kimejengwa na mkono wa mtoto wa umri ule. Hata lenzi inaweza kusema uongo. Weka lenzi pana karibu kabisa na kitofali, mtoto akae nyuma, na kinyumba cha kiganja kitaonekana kama ghorofa. Rudi nyuma, tumia lenzi ya kawaida, acha mkono wa mtoto uwe karibu na mchezo. Mkono ndio unaompa mnunuzi kipimo.

Basi tukampata mtoto wa miaka mitano, mama yake akiwepo. Tukamwachia boksi kabla ya kutoa kamera, nami nikakaa chini usawa wa macho yake. Kasri halikumvutia. Alipanga vitofali kwa rangi, akajenga kitu alichokiita daladala, akakibomoa, akacheka. Hakuna aliyemwambia acheke. Mtoto anayecheza kweli hutazama mikono yake; ukimwona ameinua kitu kando ya shavu huku anakodolea lenzi, ujue kuna mtu mzima nyuma ya kamera anayempungia mkono. Alipochoka akasema hataki tena, tukafunga kamera. Ruhusa ya mama haifuti “sitaki” ya mtoto.

Ruhusa yenyewe iwe ya maandishi, ikitaja picha itatumika wapi na kwa muda gani. Sare yenye nembo ya shule ibaki nyumbani, maana inamwambia kila mtu mtoto anapatikana wapi. Wanaoona haya ni urasimu wakumbuke kwamba Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 za huko kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022.

Mwenye duka hakufurahi. Daladala iliyopinda, alisema, haiuzi kama kasri. Pengine ni kweli kwa siku ya kwanza. Lakini mnunuzi wa kasri atafungua boksi, atakuta vipande vya kujengea ukuta mmoja, na mwanawe atauliza minara iko wapi. Ujumbe anaoandika baada ya hapo haumfikii mpiga picha, unalifikia duka. Tulikubaliana picha ya daladala itumike, na juu yake, kwa herufi kubwa sawa na za bei, yaandikwe: vipande 60, miaka 3 na kuendelea.