E211 na E300 zikikutana kwenye chupa iliyopigwa na jua

Juzi Kongowea nilinunua chupa ya kinywaji cha machungwa kutoka kwa katoni zilizopangwa barazani, nje ya duka. Jua la saa nane lilikuwa limezipiga hadi plastiki ilikuwa moto mkononi. Nikageuza chupa nikasoma: maji, sukari, E330, E300, E211, E102, E110.

Wengi wetu tukiona herufi E huingiwa na hofu, na naona hofu hiyo hutupotosha. E330 ni asidi ya sitriki, ule ukali wa ndimu. E300 ni vitamini C. E211 ni sodiamu benzoeti, kihifadhi kinachozuia hamira na ukungu kuota kwenye kinywaji chenye asidi. Kila moja peke yake, kwa kiwango kinachoruhusiwa, hainitishi.

Kinachonitia wasiwasi ni E211 na E300 kuwekwa pamoja. Kukiwa na chembechembe kidogo tu za madini ya chuma au shaba ndani ya maji, vitamini C huweza kusaidia kuivunja benzoeti, ikatoka benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Joto na mwanga huharakisha kazi hiyo. Hutaiona wala kuionja. Mwaka 2006 suala hili lilizuka Marekani, na wapimaji wa serikali walikuta vinywaji vingi vikiwa na kiasi kidogo mno cha benzeni. Vichache vilivyokuwa na kiasi kilichozidi vikabadilishiwa mchanganyiko. Kwa hiyo chupa moja haimdhuru mtu papo hapo. Lakini mtoto anayekunywa kila siku, kutoka kwa katoni iliyoshinda juani wiki nzima, simtakii hilo.

Lebo yenyewe huweza kukupa dalili. E385 ikiwepo ni afadhali, kwa sababu hushika yale madini yasifanye kazi yake. Vinywaji visivyo na sukari vinahitaji uangalifu zaidi, maana sukari hupunguza kasi ya benzeni kutengenezeka. Na usidanganywe na E300 kukosekana: kama kuna juisi halisi ya matunda, vitamini C huenda imo humo humo.

Kuhusu rangi, E102 na E110 ndizo zinazonifanya nisimpe mtoto peremende na kinywaji cha rangi siku moja. Tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha bidhaa zenye rangi hizi kuandikwa onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Wako watoto zisiowafanya kitu. Mzazi ndiye anayemjua wake.

Nilimrudishia mwenye duka chupa yake. "Ami, hizi katoni ziingize ndani, kivulini," nikamwambia, nikamweleza kwa nini. Akamwita kijana wake wakaanza kuzibeba. Mimi nikachukua nyingine, kutoka rafu ya nyuma, iliyohifadhiwa kwa E202: hiyo haigeuki benzeni.