Neno "tapeli" lilivyowaziba midomo wateja wetu

Nililiingiza neno "tapeli" kwenye orodha ya maneno yaliyozuiwa nikiwa na hasira. Jamaa mmoja, kisa mzigo wake umechelewa, alikuwa akilibandika chini ya kila posti ya ukurasa ninaousimamia. Nikaandika neno, nikahifadhi, nikalala. Asubuhi ukurasa ulikuwa shwari, nami nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu mteja akapiga simu, amekasirika. "Dada, nimewaandikia mara nne, hamjibu. Mnawajua hawa watu nini?" Nikafungua komenti zilizofichwa, ambazo sikuwa nimezigusa tangu siku ile. Yake ilikuwepo: "Jamani kuna tapeli anatumia jina lenu, anatoa namba nyingine ya malipo." Chini yake kulikuwa na nyingine za aina hiyo hiyo. Watu walikuwa wakituonya, na chujio langu likawanyamazisha mmoja mmoja kwa niaba ya tapeli mwenyewe.

Ubaya wa komenti iliyofichwa ni kwamba aliyeiandika hajui. Yeye anaiona pale pale alipoiacha. Kwenye Facebook hata marafiki zake wanaendelea kuiona, ndiyo maana mteja yule alimwonyesha ndugu yake simu na wote wawili wakakubaliana kwamba tunawadharau. Na jamaa wa mzigo je? Chombo tulichokuwa tunatumia kilitafuta neno zima, basi. Alipoandika "mnatapeli watu" na "nimetapeliwa mchana kweupe", alipita bila kuguswa.

Hapo ndipo Kiswahili kinapozishinda orodha hizi. Maneno yetu hubadilika mwanzoni na mwishoni. Ukizuia "mjinga", bado kuna wajinga, ujinga, kijinga na majinga, kila moja linahitaji mstari wake. Kwa nomino unaweza kuvumilia. Kitenzi hakimalizwi: weka nafsi, njeo, yambwa, kauli ya kutendwa, uone kama orodha ina mwisho.

Wapo wanaodhani dawa ni chombo kinachotafuta neno hata likiwa ndani ya neno lingine. WordPress hufanya hivyo, na imeandika onyo hilo chini ya kisanduku chenyewe. Jaribu kuzuia "tako" humo. Kila atakayeandika "atakosa" au "itakoma" amekwisha. Liko pia tusi la herufi nne ambalo sitaliandika hapa, ila limejificha mwanzoni mwa "kumaliza". Fikiria ni watu wangapi huuliza mnatarajia kumaliza lini, au wanasema wanataka kumaliza malipo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: neno la lawama lisifichwe na mashine. Tapeli, mwizi, feki, mmenidanganya, hayo ni maneno ambayo mteja mkweli na mzushi wote wanayatumia, na tofauti yao iko kwenye sentensi, ambayo chujio halisomi. Kama lazima uyakamate, yapeleke mahali ambapo mtu atayasoma kabla ya kuamua. WordPress ina visanduku viwili vinavyofanana mno kwa macho: Comment Moderation huiweka komenti kwenye foleni ikusubiri, Disallowed Comment Keys huitupa kwenye takataka. Watu huvichanganya. YouTube nayo huziweka pembeni zile zilizogusa Blocked words, lakini foleni hiyo hukaa hadi siku 60 tu. Usipoifungua, umefuta bila kujua.

Orodha yangu sasa ni fupi. Ina matusi ya nguoni ambayo hayana matumizi mengine, na ina vile vitu ambavyo wezi wa mtandaoni hawawezi kufanya kazi bila hivyo: viungo vya WhatsApp na Telegram, yaani `wa.me` na `t.me`, na ile sentensi ya "nilikuwa na shida mpaka nilipokutana na daktari". Mzushi anaweza kubadilisha tusi apendavyo, lakini lazima akupe njia ya kumfikia. Wanajitahidi kukwepa, wanaandika namba kwa maneno au kuachanisha herufi kwa nukta. Hizo nazifuta kwa mkono, na hazijanishinda.

Kila neno jipya nalijaribu kwanza kwa akaunti nyingine isiyo rafiki wa mtu yeyote hapa. Naandika komenti tatu: moja ya tusi, moja ya mteja anayelalamika kwa haki, moja ya mtu anayeuliza tu. Kisha naangalia ukurasa kwa akaunti ya tatu, kwa sababu ile niliyoandikia itaniambia kila kitu kiko sawa. Ya mlalamikaji ikipotea, neno linatoka.

Na kila Ijumaa nasoma zilizofichwa. Ijumaa iliyopita zilikuwa sita: tano za "daktari", na moja ya mama aliyebandika `wa.me` ya yule tapeli, akiuliza kama ni namba yetu. Nimeirudisha, nikamjibu chini yake.